Nimetembea miezi mitatu presha imeshuka pointi nane tu, nianze dawa au niombe muda?

BARUA

Dada Mshauri habari za kazi,

Naomba usitaje jina langu. Mimi ni mwanaume wa miaka 47, urefu sentimita 172. Miezi mitatu iliyopita nilienda kupima afya kwa sababu ya kazi, wakakuta presha 156 kwa 98, nikarudi baada ya wiki mbili ikawa vilevile. Sukari na figo wakasema ziko sawa. Daktari akaniambia mzee tupeane miezi mitatu, fanya mazoezi, punguza uzito, punguza pombe, halafu tutaona.

Mimi nikaamua kweli. Natembea haraka siku nne kwa wiki, dakika arobaini kila siku, sijakosa hata wiki moja. Uzito umetoka kilo 94 mpaka 91. Pombe ndiyo sijaipunguza, nakunywa bia za mililita 500, tano Ijumaa, tano Jumamosi, mbili Jumapili, na katikati ya wiki siku mbili hivi nakunywa mbilimbili. Sijawahi kulewa nikaanguka, kazini naenda kila siku.

Wiki iliyopita nimerudi kwa daktari, 148 kwa 93. Yaani jasho lote lile pointi nane! Daktari anataka nianze kidonge. Mimi naona nimeshindwa, na nikianza dawa ndiyo basi tena maisha yangu yote. Nataka nimwombe miezi mitatu mingine niongeze nguvu.

Kinachonichanganya zaidi ni mashine niliyonunua nyumbani. Nikipima nusu saa baada ya kutembea nakuta 134 kwa 84. Jumamosi usiku nikiwa nimekunywa bia tatu nikapima 131 kwa 82, nikamwambia mke wangu unaona, bia inashusha. Jumatatu asubuhi 157 kwa 96. Jumatano jioni 145 kwa 91. Mke wangu anasema mashine mbovu, na kwamba nianze dawa niache ubishi. Anasema pia nakoroma sana. Tumeshanuniana kwa hili. Nishauri dada yangu, nimechoka.

Mtembeaji

JIBU

Kaka yangu Mtembeaji,

Nianze na hizo pointi nane kwa sababu naona ndizo zimekuumiza, na mimi nikizisoma sioni mtu aliyeshindwa. Nimekaa kwenye chumba cha kupimia presha miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, na kitu ambacho watu hawaambiwi mwanzoni ni wategemee kiasi gani. Wanaambiwa tu fanya mazoezi, punguza mwili, basi mtu kichwani anajijengea kwamba 156 itakuja 120, ikija 148 anavunjika moyo na viatu anavitupa chini ya kitanda. Sasa hebu tuhesabu pamoja kile ambacho mwili wako ungeweza kukupa kwa kazi uliyoifanya.

Siku nne mara dakika arobaini ni dakika 160 kwa wiki, na kiwango kinachopendekezwa ni dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kidogo, kwa hiyo hapo umefika. Mtu mwenye presha ya juu kama wewe akifanya hivyo mfululizo wiki nane mpaka kumi na mbili, namba ya juu hushuka kwa wastani pointi 5 mpaka 8. Mwenye presha ya kawaida hupata nusu ya hapo au chini yake, 2 mpaka 4 hivi. Upande wa uzito hesabu ni rahisi kukumbuka, kila kilo moja inayotoka inashusha kama pointi moja, na wewe umetoa kilo tatu, kwa hiyo tuseme pointi tatu. Ukijumlisha kwa karatasi unapata 8 mpaka 11, na wewe umepata 8. Yaani kaka, umepata kile kinachopatikana. Hakuna kilichoharibika kwenye mazoezi yako.

Ila nisikupambe kupita kiasi, kuna mambo mawili kwenye hiyo hesabu lazima niyaseme. La kwanza, hizi faida hazijumlishwi kama pesa mfukoni. Mazoezi yanalegeza mishipa na kutuliza ile mishipa ya fahamu inayoibana, kupungua uzito nako kunafanya sehemu ya kazi ileile, tena kunazipunguzia figo tabia ya kushikilia chumvi, kwa hiyo vinapishana na kukanyagana, ukivifanya vyote hupati jumla kamili. La pili, sehemu ya kushuka kwa presha hutokea hata kwa mtu ambaye hajafanya kitu kikubwa. Kuna utafiti ulifanyika Marekani unaitwa PREMIER, majibu yake yalitoka mwaka 2003, waligawa watu 810 makundi matatu, na lile kundi lililopewa ushauri tu kisha likaachwa lenyewe nalo lilishuka karibu pointi 7 kwa miezi sita, wakati waliosimamiwa kwenye mazoezi, uzito, chumvi na pombe walishuka karibu 11. Ukitoa utaona faida halisi ya ule usimamizi wote ni kama pointi 4. Mtu akipimwa mara ya kwanza mara nyingi namba iko juu kuliko kawaida yake, akizoea chumba na mashine inateremka yenyewe. Wewe ulipimwa mara mbili ikawa ileile, hilo linasaidia, lakini sehemu ya hizo nane inaweza kuwa ni hiyo tu, na hakuna mtu anayeweza kukukatia ni pointi ngapi.

Na usizidharau. Pointi 5 kwenye namba ya juu, zikikaa miaka, zinapunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa kama asilimia 10. Hizo ni pointi tano tu.

Sasa tuje kwenye mashine yako, kwa sababu nadhani hapa ndipo ugomvi wenu wa nyumbani ulipo, na mimi naona mashine huenda haina kosa lolote. Hizo namba nne ulizoniandikia kila moja inasema ukweli wa saa yake, ila zimepimwa saa ambazo haziwezi kulinganishwa.

Ile 134 kwa 84 baada ya kutembea. Ukiwa unatembea haraka namba ya juu inapanda, hiyo ni kawaida kabisa, ukiacha inarudi halafu inateremka chini ya pale ilipokuwa kabla hujatoka, na inaweza kukaa chini hivyo saa kadhaa, kwa wengine karibu siku nzima. Mishipa ya miguuni bado imefunguka. Ni faida ya kweli, tena ndiyo sababu kutembea siku zilizoachana vizuri kunafaa kuliko kujaza yote Jumamosi, ila sio presha yako ya kawaida. Ukimpelekea daktari namba hizo peke yake utakuwa umempa picha nzuri kuliko hali yenyewe.

Halafu ile ya Jumamosi usiku, 131 kwa 82 na bia tatu tumboni. Kaka yangu hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu ulichokiona ni kweli na tafsiri uliyompa mkeo ndiyo siyo. Pombe ikiwa nyingi kiasi, zaidi ya gramu 30, inafungua mishipa na kushusha presha kwa saa zinazofuata, mpaka kama muda wa saa kumi na mbili. Baada ya hapo inageuka. Kuanzia saa ya kumi na tatu hivi namba ya juu inakuwa imepanda pointi tatu nne juu ya pale ilipokuwa kabla ya kunywa. Mwili unakuwa umeamka, ile mishipa ya fahamu inayobana imekasirika, moyo unaenda mbio, usingizi nao ulikatikakatika. Sasa wewe unakunywa Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, siku tatu mfululizo, halafu unapima Jumatatu asubuhi unakuta 157 kwa 96. Siwezi kuapa kwamba yote ni bia, lakini hiyo Jumatatu ukiiweka pembeni ya Jumamosi ni tendo moja lenye sehemu mbili, na wewe ulikuwa unaangalia sehemu ya kwanza tu.

Tuzihesabu hizo bia. Chupa ya mililita 500 yenye kileo asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe kamili. Wewe kwa wiki ni tano na tano na mbili na nne, chupa kumi na sita, yaani gramu 320, ukigawa kwa siku saba ni karibu gramu 46 kwa siku. Najua kichwani kwako wewe ni mnywaji wa wikendi, na sikuhukumu hata kidogo, ila mishipa yako inasoma jumla. Na umeniandikia kwamba hujawahi kulewa ukaanguka, sawa, nakuamini, lakini presha haiangalii kama mtu ameanguka. Hili la pombe na presha lina zaidi ya miaka mia, mwaka 1915 daktari mmoja Mfaransa, Camille Lian, alipima askari na kukuta waliokunywa mvinyo mwingi zaidi ndio wenye presha nyingi zaidi, na wale walikuwa watu wa kazini kama wewe.

Faida ya kupunguza inategemea unaanzia wapi. Mtu anayekunywa kama gramu 20 kwa siku au chini, akiacha, presha yake haionyeshi mabadiliko ya maana. Mtu wa gramu 60 na kuendelea kwa siku akikata nusu, namba ya juu inashuka kama pointi 5 na nusu na ya chini kama 4. Wewe uko katikati, kwa hiyo mimi ningetegemea pointi kama 3, labda 4, ukishuka mpaka chupa tatu nne kwa wiki zisizokusanywa usiku mmoja. Sio nyingi, lakini hazichukui miezi, zinaonekana ndani ya wiki mbili mpaka nne, na katika vitu vitatu alivyokwambia daktari hiki ndicho pekee ambacho bado hujakigusa. Juu ya hapo chupa kumi na mbili ukiziondoa kwa wiki ni kalori nyingi sana, uzito wenyewe utakushukuru.

Neno moja la tahadhari kabla hujamwaga yote leo. Ukijijua kwamba siku usiyokunywa mikono inatetemeka, unatoka jasho bila sababu, au huwa unakunywa zaidi ya ulivyoniandikia, usiache ghafla, nenda umwambie daktari kwanza. Kuacha ghafla kwa mwili uliozoea pombe kila siku kunaweza kupandisha presha sana na hata kuleta degedege. Kwa ulivyoandika sioni dalili hiyo, ila wewe ndiye unayejijua.

Kuhusu mpango wako wa kuongeza nguvu. Nakuuliza kwa upole, nguvu gani? Kama ni kuongeza mwendo kutoka dakika 160 mpaka 300, afya itapata faida nyingine nyingi, lakini kwenye presha usitegemee mara mbili ya ulichopata, faida kubwa iko kwenye dakika zile za mwanzo ambazo tayari unazifanya. Kitu ambacho huna ni zoezi la kukaza bila kusogea. Unaegemea ukuta mgongo umenyooka, unashuka kama umekaa kwenye kiti kisichoonekana, unabaki hapo dakika mbili, unapumzika dakika mbili, mara nne, siku tatu kwa wiki. Mazoezi ya namna hii kwenye majaribio yameshusha namba ya juu kwa wastani wa pointi 8, wengine wakashangaa kwa sababu yamepita kutembea na kukimbia. Mimi nina moyo nayo ila na breki kidogo, majaribio yake mengi yalikuwa madogo na ya wiki chache, na hesabu zile sio za kuongeza 8 juu ya 8 zako. Usibane pumzi ukiwa ukutani, pumua kawaida, maana ukibana presha inaruka juu pale pale, na kwa namba zako ningependa umuulize daktari kabla ya kuanza. Magoti yakiuma shuka kidogo tu, usifike chini.

Uzito nao, tuseme utatoa kilo nne nyingine. Hizo ni pointi tatu nne. Hapa kinachonipa wasiwasi ni kurudi, kupungua kwenyewe sina shaka nako. Kulikuwa na utafiti mwingine mkubwa Marekani, watu zaidi ya elfu moja wakafuatwa miaka mitatu, waliosaidiwa kupunguza uzito walitoa kilo nne na kitu ndani ya miezi sita na presha ikashuka vizuri, lakini mpaka mwaka wa tatu wengi walikuwa wamerudi karibu na walikoanzia na presha ikarudi nao. Wale wachache walioshikilia kilo nne na nusu chini miaka yote mitatu walibaki na presha iliyoshuka. Mazoezi ni hivyohivyo, ukiacha, faida inayeyuka ndani ya wiki chache. Kwa hiyo ukiniambia utaongeza nguvu miezi mitatu, swali langu ni je, mwezi wa nne utafanya nini?

Sasa jumlisha na mimi, tena kwa uaminifu. Pombe 3 au 4, kilo nne nyingine 3 au 4, tukikumbuka kwamba vinakanyagana tuseme jumla 4 mpaka 6. Kutoka 148 unafika 142 au 144. Ukiweka zoezi la ukutani na likikukubali unaweza kugusa 140. Lengo la kliniki ni chini ya 140 kwa 90. Yaani unaweza kufika mlangoni, kuingia ndani sina uhakika, na mwingine mwenye namba kama zako hupata mara mbili ya hapo na mwingine hapati kitu, miili haifanani.

Kidonge kimoja kwa dozi ya kawaida kinashusha namba ya juu kama pointi 9. Ukiweka hizo pembeni ya ulizopata kwa miguu yako utaona kwamba kutembea na kutoa kilo tatu kumefanya kazi inayokaribia ya kidonge kimoja. Hilo la kwamba ukianza dawa ndiyo basi maisha yako yote, nimelisikia mara nyingi sana na naelewa linavyotisha, ila halipo hivyo kwa kila mtu. Dawa ya presha haileti ulevi wa kuitaka. Wako watu waliopunguza uzito, wakapunguza pombe, presha ikashuka mpaka daktari akapunguza dozi au akaisimamisha na kuendelea kuwapima. Wako pia ambao hawakuweza kuacha, kwa sababu presha yao ina mizizi ya ukoo na umri. Sijui wewe uko wapi, na leo hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba mtu akishaanza hatakiwi kuiacha mwenyewe kimyakimya kwa sababu namba imekuwa nzuri, namba imekuwa nzuri kwa sababu ya dawa, na baadhi ya dawa ukizikata ghafla presha inaruka juu kuliko mwanzo.

Kwa hiyo naona njia mbili mbele yako na zote zina gharama. Unaweza kuanza kidonge sasa na kuendelea na kutembea na kupunguza bia, hatari yake ni madhara madogo ambayo mtu anaweza kuyapata, na hatari kubwa zaidi, ambayo nimeiona kwa macho, ni mtu kuona kidonge kinafanya kazi basi anaacha kutembea na uzito unarudi. Au unaweza kumwomba daktari muda, mfupi na wenye tarehe, mkikubaliana kwamba safari hii pombe nayo inaingia. Hatari yake ni kwamba 148 inaendelea kupiga mishipa huku unasubiri, na miezi mitatu ina tabia ya kuwa sita halafu mwaka. Sukari na figo zako zimekuwa sawa, hilo linakupa nafasi ya kuzungumza ambayo mwenye kisukari au figo mbovu hana. Ila ukikuta 180 kwa 120, tulia dakika chache upime tena, ikiwa ileile nenda siku hiyohiyo, na kama kuna maumivu ya kifua, pumzi kukata, upande mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito au macho kuona ukungu, usipime tena, kimbilia hospitali.

Njia yoyote utakayochagua, nenda kwa daktari na namba zinazolinganishwa, kwa sababu sasa hivi mnabishana juu ya namba za saa tofauti. Siku saba, asubuhi na jioni. Asubuhi kabla ya kula na kabla ya kidonge kama umeanza, umeshaenda haja ndogo, na kwa nusu saa iliyotangulia hujanywa kahawa, hujavuta, hujafanya zoezi. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili ukiachia dakika moja. Andika zote, hata usizozipenda, na wikendi ziandike pia na idadi ya chupa pembeni. Siku ya kwanza itupe, zilizobaki tafuta wastani. Nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, sio 140 kwa 90, kwa hiyo usijifariji na 138.

Kabla ya hayo yote chukua futi ya kushonea upime mzunguko wa mkono wako katikati ya bega na kiwiko, halafu soma ile kitambaa ya mashine imeandikwa sentimita ngapi. Nyingi zinazouzwa zinaishia 32. Kwa uzito wako sitashangaa ukipata 34 au 35, na mkono wa hivyo ukivishwa kitambaa kidogo mashine inasoma juu kama pointi 5 zaidi ya ukweli. Hapo mkeo atakuwa ameona kitu, maana mashine inaweza kuwa nzima na kitambaa chake kisiwe saizi yako. Peleka na mashine kliniki wakalinganishe na yao.

Na hilo la kukoroma usilipite. Muulize mkeo swali moja tu, je, kuna wakati unakoroma halafu pumzi inasimama kabisa kisha unashtuka kama mtu aliyezama? Akisema ndiyo, mwambie daktari kwa maneno hayohayo, kwa sababu pumzi inayokatika usingizini inazuia presha isishuke hata mtu atembee vipi, na pombe ya usiku inaizidisha.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Huyo mama mmenuniana kwa sababu anaogopa, na wewe umenuna kwa sababu umejitahidi na hakuna aliyekuambia umefanya vizuri. Mpe yeye kazi ya kukufunga kitambaa mkononi na kuandika namba hizo siku saba. Wakati wa zile dakika tano msiongee, maongezi yanapandisha presha, mkishamaliza ya pili ndiyo mzungumze.

Dada Mshauri